Saa, mraba na masharti manne ya kundi

*Salamu, Mwalimu. Niko mwaka wa pili hapa Maseno na tumeanza aljebra dhahania. Masharti manne ya kundi nimeyakariri, lakini sijui yametoka wapi, wala kwa nini saa na mraba vitiwe kapu moja ilhali mraba hauna namba za kujumlisha. Tena mimi na mwenzangu tulikata mraba wa karatasi, tukauzungusha robo kisha tukaupindua, na kila mmoja akapata jibu lake. Nani amekosea?*

Tuanze na saa. Basi linaondoka Kisumu saa kumi usiku kuelekea Nairobi, na tuseme safari itachukua saa nane. Abiria hahitaji kalamu kujua kwamba atafika saa sita mchana: amejumlisha 10 na 8, akapata 18, akaondoa 12, akabaki na 6. Katika daftari lako hesabu hiyo imeandikwa 10 + 8 = 6 (mod 12), na yamkini uliipita haraka kwa sababu ni rahisi. Itazame tena polepole. Ile 10 na ile 8 si vitu vya aina moja. Ya kwanza inataja mahali akrabu ilipo, ya pili inataja kiasi cha kuisogeza. Ukijaribu kujumlisha mahali na mahali, yaani saa kumi ya kuondoka na saa sita ya kufika, utapata namba isiyomfaa msafiri kwa lolote. Lakini kusogeza na kusogeza hujumlishika vizuri: saa nane za barabarani na saa saba za kungoja stendi ni sawa na kuisogeza akrabu hatua 15, na hatua 15 huiacha pale pale ambapo hatua 3 zingeiacha.

Vipengele vya kundi la saa, basi, si nyakati kumi na mbili zilizoandikwa kwenye uso wa saa, bali ni matendo kumi na mawili ya kuisogeza akrabu: kuisogeza hatua 0, hatua 1, hatua 2, na kuendelea hadi hatua 11. Kwa kuwa namba zile zile hutumika kutajia mahali na kutajia tendo, mwanafunzi hudhani kwamba kundi ni habari ya namba, naye akikutana na mraba hujikuta hana la kujumlisha. Kundi ni habari ya matendo. Na tendo hutambuliwa kwa pale linapokifikisha kitu, si kwa njia ya kufika. Kusogeza 3 mbele, kusogeza 15 mbele na kusogeza 9 nyuma ni tendo moja, kwa sababu popote akrabu ilipokuwa, yote matatu huifikisha mahali pamoja.

Ukishalikubali hilo, masharti manne yanakuwa mambo manne ambayo mtu yeyote angeyasema kuhusu matendo yanayoweza kufanywa na kutanguliwa. Kufanya tendo moja kisha jingine nako ni tendo, tena la jamii ile ile. Hili ndilo sharti la kufungika, kwamba a na b zikiwa ndani ya seti, matokeo ya kuziunganisha nayo yamo ndani. Kuacha kila kitu kilivyo ni tendo pia, nalo ndilo kipengele tuli, kinachoandikwa e; katika saa ni 0. Kila tendo lina tendo la kulitangua, ambalo ndilo kinyume chake: kinyume cha kusogeza 5 ni kusogeza 7, maana 5 + 7 ni 12, na 12 ni 0. Sharti la nne ni la mabano, kwamba (ab)c na a(bc) ni kitu kimoja, na hilo nitalipa nafasi yake baadaye, kwa kuwa ndilo linalodharauliwa kuliko mengine yote.

Kabla hatujaiacha saa, kuna kipengele kimoja ambacho sisi hukitumia kila siku. Simu yako ikionyesha 8:00 asubuhi, wewe husema saa mbili. Na mtu akikuambia saa mbili, wewe huweka kengele ya simu kwenye 8. Kutoka simu kwenda ulimini unasogeza 6, na kutoka ulimini kurudi kwenye simu unasogeza 6 ile ile, wala huhitaji kujiuliza kama ni kujumlisha au kutoa. Sababu ni kwamba 6 + 6 = 0 katika saa: tendo hili ni kinyume cha lenyewe. Katika matendo kumi na mawili ya saa, ukiondoa 0, hakuna jingine lenye tabia hiyo, kwa sababu tunataka a + a igawanyike kwa 12, na kati ya 1 na 11 ni 6 peke yake inayofanya hivyo. Likumbuke, kwa maana kwenye mraba matendo ya namna hii yatakuwa mengi.

Sasa chukua mraba wako wa karatasi ngumu, ya manila ikiwezekana, na uandike herufi A, B, C, D kwenye pembe zake, kila herufi ikiandikwa mbele na nyuma ya pembe ile ile ili isomeke hata karatasi ikipinduliwa. Uweke juu ya meza na uchore mpaka wake kwa penseli. Mpaka huo hausogei. Karatasi ndiyo inayosogea. Tendo la mraba ni njia yoyote ya kuinua karatasi na kuirudisha ikajaza mpaka ule ule sawasawa. Mwanzoni hali ni hii:

```
A B
D C
```

Matendo hayo ni mangapi? Pembe A inaweza kupelekwa kwenye nafasi yoyote kati ya nne. Ikishakaa, B haina uhuru mkubwa: karatasi haichaniki, kwa hiyo lazima B ibaki jirani ya A, na majirani wa nafasi ni wawili tu. B ikishakaa, C na D hazina pa kuchagua. Basi ni 4 × 2, yaani matendo 8. Zingatia kwamba herufi nne zinaweza kupangwa kwa njia 24, na njia 16 kati ya hizo si matendo ya mraba. Kubadilishana A na B huku C na D zikibaki mahali pake, kwa mfano, kunaandikika kwenye daftari bila shida, lakini hakuna mkono utakaokufanya kwenye karatasi bila kuipotoa. Wanafunzi wengi wanaopata orodha ya matendo tisa au kumi wameingiza mojawapo ya hayo, au wamehesabu tendo moja mara mbili kwa sababu walilifikia kwa njia mbili.

Manne kati ya hayo manane ni mizunguko. Tuite r tendo la kuzungusha karatasi nyuzi 90 kwa mwelekeo wa akrabu. Basi tuna r, r² ambayo ni nusu duara, r³ ambayo ni robo tatu, na r⁴ ambayo imeirudisha karatasi ilipokuwa, kwa hiyo ni e. Manne yaliyobaki ni mapinduo: kuipindua karatasi juu ya mstari wa wima unaopita katikati, juu ya mstari wa mlalo, na juu ya kila mmoja wa ulalo wawili. Tuite s lile la mstari wa wima, linalobadilishana kushoto na kulia. Kila pinduo likifanywa mara mbili huirudisha karatasi, kwa hiyo yote manne, pamoja na r², ni vinyume vya yenyewe. Saa ilikuwa na kipengele kimoja cha namna hiyo. Mraba una vitano.

Tufanye sasa lile mlilolifanya. Kwanza r. Karatasi ikizunguka robo, A inakwenda juu kulia, B chini kulia, C chini kushoto, na D inapanda juu kushoto:

```
D A
C B
```

Kisha s, yaani kushoto na kulia vibadilishane:

```
A D
B C
```

Linganisha hali hii na ya mwanzo. A na C ziko zilipokuwa, B na D zimebadilishana. Kwa hiyo kuzungusha kisha kupindua kumekuwa sawa na pinduo moja, lile la ulalo unaotoka juu kushoto kwenda chini kulia. Tugeuze mpangilio: rudisha karatasi mwanzo, fanya s kwanza, utapata B A juu na C D chini, kisha zungusha robo kwa r:

```
C B
D A
```

Safari hii B na D ndizo zilizobaki, na A na C zimebadilishana. Ni pinduo la ulalo ule mwingine. Katika saa, kusogeza 5 kisha 8 na kusogeza 8 kisha 5 hakuna tofauti. Katika mraba, mpangilio unaamua jibu. Tazama masharti manne tena na utaona kwamba hakuna hata moja linalosema ab lazima iwe sawa na ba. Halikusahauliwa. Makundi yenye sifa hiyo, kama la saa, huitwa ya Abel, kwa heshima ya Niels Henrik Abel wa Norwe, na sifa hiyo ni nyongeza, si sehemu ya maana ya kundi.

Nikija kwenye ugomvi wenu, nadhani hakuna aliyezungusha vibaya. Kuna mambo mawili yanayoweza kuwatenganisha watu wawili wanaofanya kazi kwa uangalifu, na yote mawili huleta badiliko lile lile la jibu. La kwanza ni uandishi. Katika vitabu vingi sr husomwa kutoka kulia, yaani r kwanza kisha s, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoandika s(r(x)) tunapounganisha vitendakazi. Vitabu vingine husoma kutoka kushoto. Kama mmoja wenu alifuata mhadhara na mwingine akafuata kitabu cha maktaba, mliandika alama zile zile mkimaanisha mambo mawili.

La pili limejificha zaidi, nami nashuku ndilo lililowapata, kwa kuwa unasema nyote mlizungusha kwanza. Ni swali la mstari wa kupindulia: umechorwa kwenye meza au kwenye karatasi? Mimi hapo juu nimeufunga kwenye meza, kwa hiyo baada ya r mstari wa s bado ni wima. Tuseme mwenzako alichora mstari huo kwa kalamu juu ya karatasi yenyewe. Baada ya r, mstari wake umezunguka pamoja na karatasi na sasa umelala. Anapopindua juu yake, anabadilisha juu na chini badala ya kushoto na kulia: kutoka D A juu na C B chini anapata C B juu na D A chini. Hiyo ndiyo hali tuliyoipata kwa kupindua kwanza kisha kuzungusha. Mstari uliofungwa kwenye karatasi hugeuza mpangilio wa matendo, na mtu asipoutaja anaweza kubishana hadi jioni akiwa sahihi. Kibaya zaidi, anayefanya yote mawili, yaani kusoma kwa mpangilio wa pili na kufunga mstari kwenye karatasi, hupata jibu linalolingana na la kitabu na hajui kwamba tofauti mbili zimefutana. Kwenye karatasi ya mtihani andika sentensi mbili kabla ya hesabu yoyote: sr maana yake ni r kwanza, na mihimili yote imefungwa kwenye meza.

Kuna njia ya kukagua jibu bila karatasi. Ili kutangua sr, ni lazima utangue kwanza kile kilichofanywa mwisho: s hutanguliwa kwa s, kisha r hutanguliwa kwa r³, kwa hiyo kinyume cha sr ni r³s. Lakini tumeona kwamba sr ni pinduo, na pinduo ni kinyume cha lenyewe. Basi sr = r³s. Ukiwa na mlingano huo, pamoja na r⁴ = e na s² = e, huna haja ya kugusa karatasi tena; matendo manane ni e, r, r², r³, s, rs, r²s na r³s, na zao lolote kati ya yale 64 hupatikana kwa kuisogeza s kulia. Mfano ni (r²s)(rs). Katikati yake kuna sr, unaiondoa na kuweka r³s, unapata r²·r³·s·s, ambayo ni r⁵, ambayo ni r. Pinduo mbili zimezaa mzunguko, jambo unaloweza kulithibitisha kwa mikono mara moja halafu uliache.

Katika hesabu hiyo nimefanya jambo ambalo huenda hukuliona: niliyafungua mabano ya (r²s)(rs) ili nifikie sr iliyo katikati. Ruhusa ya kufanya hivyo inatoka kwenye sharti la mabano na si kwingine. Sasa je, tunajuaje kwamba mraba unalitimiza? Kwa jedwali, ungehitaji kukagua kila mpangilio wa vipengele vitatu, na hiyo ni 8 × 8 × 8, yaani mara 512. Kwa saa ni mara 1,728. Hakuna anayefanya hivyo. Tunasema hivi: chukua pembe yoyote na uifuate. Ukifanya (ab)c, pembe hiyo hupitia c, kisha tendo ab, ambalo ni b halafu a. Ukifanya a(bc), hupitia tendo bc, ambalo ni c halafu b, kisha a. Katika hali zote mbili imepitia c, b, a kwa mpangilio huo huo. Mabano hayakubadilisha lolote kwa sababu yanapanga maneno ya msimuliaji tu, hayagusi karatasi. Ndiyo maana matendo yanayofanywa moja baada ya jingine hulitimiza sharti hili bure, nawe ukiandika sentensi hiyo kwenye jibu lako umemaliza kazi ya hesabu 512.

Thamani ya sharti hili huonekana pale linapokosekana. Rudi kwenye saa na, badala ya kujumlisha, utoe. Seti ni ile ile, 0 hadi 11. Kutoa kumefungika, kwa kuwa 2 − 5 ni −3, na −3 ni 9. Ukichora jedwali lake, kila safu mlalo ina namba zote kumi na mbili bila kurudia, na kila safu wima vivyo hivyo, kwa hiyo kwa macho linafanana kabisa na jedwali la kundi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba jedwali lisilorudia ndilo kundi ataliandikia ndiyo. Lakini (1 − 2) − 3 ni 11 − 3, yaani 8, ilhali 1 − (2 − 3) ni 1 − 11, yaani −10, ambayo ni 2. Mfano mmoja kama huu unatosha kuliangusha sharti zima. Hata kipengele tuli kinayumba: 5 − 0 ni 5, lakini 0 − 5 ni 7, kwa hiyo 0 hutulia ikiwa kulia tu. Na kwa operesheni ya namna hii hata alama ya mara tatu inapoteza maana, kwa sababu (5 − 5) − 5 ni 7, na 5 − (5 − 5) ni 5. Tusingeweza kuandika r³ bila kuuliza ni r³ ipi.

Nimesema kwamba matendo hutimiza masharti manne. Uliuliza yametoka wapi, na jibu kamili linahitaji upande wa pili: je, kitu chochote kinachotimiza masharti manne ni lazima kiwe matendo? Arthur Cayley, aliyeandika maelezo ya kundi kama kitu dhahania mwaka 1854, ndiye anayetajwa kwa jambo hili. Chukua kipengele chochote a na ukichukulie kuwa tendo linalokipeleka kila kipengele x kwenye ax. Katika saa, 5 inakuwa tendo la kupeleka 0 kwenye 5, 1 kwenye 6, na kuendelea, ambalo ni kule kusogeza akrabu tulikoanza nako. Ili hilo lifanye kazi, kufanya tendo la b kisha la a lazima kuwe sawa na kufanya tendo la ab kwa mkupuo mmoja. La kwanza linaipeleka x kwenye a(bx), la pili kwenye (ab)x. Usawa wa hayo mawili ndio sharti la mabano lenyewe, neno kwa neno. Sharti la kipengele tuli huhakikisha kwamba vipengele tofauti hutoa matendo tofauti, kwa kuwa tendo la a hukipeleka e kwenye a yenyewe; na sharti la kinyume huhakikisha kwamba kila tendo linatanguka. Kwa hiyo masharti manne si orodha iliyookotwa. Ni kipimo kinachosema kama jedwali lililo mbele yako ni jedwali la matendo au ni mpangilio wa namba tu, na kutoa kumeanguka kwa sababu hakupimiki hivyo.

Limebaki la kapu moja. Mizunguko ya mraba, e, r, r² na r³, ni ya nyuzi 0, 90, 180 na 270. Akrabu ikisogea saa 3 imezunguka nyuzi 90. Basi ukichukua 0, 3, 6 na 9 kutoka kwenye saa, na uiandike r mahali pa 3, majedwali mawili yanalingana kisanduku kwa kisanduku. Tofauti ni wino tu. Hapo saa na mraba wako vimekutana waziwazi.

Mkutano wa pili umefichika zaidi. Jaribu kuzidisha kwenye saa badala ya kujumlisha. Kipengele tuli sasa ni 1, na 0 inaharibu mambo kwa kuwa hakuna cha kuizidisha ikawa 1. Ukiiondoa 0, bado 3 × 4 ni 12, yaani 0, uliyoifukuza; seti haifungiki tena. Wanaosalimika ni wale wasioshiriki kigawo na 12 isipokuwa 1, nao ni 1, 5, 7 na 11. Hawa wanne ni kundi: 5 × 7 ni 35, ambayo ni 11, 5 × 11 ni 55, ambayo ni 7, 7 × 11 ni 77, ambayo ni 5. Na 5 × 5 ni 25, 7 × 7 ni 49, 11 × 11 ni 121, zote zikiacha baki la 1. Kila mmoja ni kinyume cha mwenyewe. Kwa hiyo kundi hili haliwezi kulingana na 0, 3, 6, 9, ambamo 3 inahitaji kurudiwa mara nne kabla ya kurudi 0, hata ukibadilisha majina namna gani. Vipengele ni vinne huku na vinne kule, lakini ni makundi mawili tofauti.

Sasa tafuta kwenye karatasi yako matendo manne ya namna hiyo. Ni e, r², s na r²s, yaani kuacha, kuzungusha nusu, kupindua juu ya wima na kupindua juu ya mlalo. Weka s mahali pa 5, r²s mahali pa 7, na r² mahali pa 11. Fanya pinduo la mlalo kisha la wima, uone kama umepata nusu duara, kama vile 5 × 7 ilivyotoa 11. Kisha kagua mazao mawili yaliyobaki kwa njia hiyo hiyo.